Kampeni Iliyofeli Mbele ya Jopo la Usaili

Kwenye usaili wa kazi ya masoko, swali la kampeni iliyofeli huja mara tu baada ya lile la kampeni iliyofaulu. Mwenyekiti wa jopo hufunua ukurasa wa pili wa karatasi yake na kusema, "Haya, sasa tueleze kampeni ambayo haikufikia lengo, na ulichojifunza." Hapo ndipo majibu mengi huishiwa nguvu. Mtu aliyekuwa akitaja wafuasi 50,000 na mauzo yaliyopanda kwa asilimia 40 anaanza kuzungumzia mvua, washindani na bajeti iliyocheleweshwa na wahasibu, kisha anafunga kwa kusema alijifunza umuhimu wa kushirikiana na wenzake. Kalamu za wasaili hutulia.

Jibu hilo linaweza kuandaliwa, na hesabu zake hazizidi kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Anayeketi kwenye jopo la masoko mara nyingi ameshasimamia kampeni zake mwenyewe, na anajua kwamba nyingi hazifikii lengo lililoandikwa kwenye mpango. Anachotaka kuona ni kama huyu aliye mbele yake anaweza kuifuata fedha ya tangazo tangu ilipotoka hadi ilipoishia, na kuonyesha ilipovuja. Kwa maoni yangu swali hili lina uzito kuliko lile la mafanikio, kwa sababu kampeni iliyofaulu inaweza kuwa imebebwa na msimu, bei au bahati, na aliyekuwepo akapewa sifa zake bila kujua ilikuwaje.

Asilimia 40 ya nini?

"Mauzo yalipanda kwa asilimia 40" ni kauli inayoweza kuwa kweli kabisa na bado isimwambie msikilizaji chochote. Duka lililouza mitungi 10 wiki iliyopita na 14 wiki hii limepanda kwa asilimia 40. Lililotoka 10,000 kwenda 14,000 limepanda kwa kiasi hichohicho. Kwa hiyo asilimia ikitajwa, itajwe pamoja na idadi iliyoizaa, muda wake, na kipindi inacholinganishwa nacho. Mauzo ya sare za shule ya Januari hayawezi kulinganishwa na ya Novemba. Mauzo ya tende ndani ya Ramadhani yanalinganishwa na Ramadhani ya mwaka uliopita, si na mwezi uliotangulia, la sivyo utakuwa unalisifu tangazo kwa kazi iliyofanywa na kalenda.

Namba za mitandao ya kijamii nazo zinahitaji tahadhari ya pekee, maana anayezitoa ndiye anayeuza tangazo. Mwezi wa Septemba 2016 Facebook ilikiri kwamba kwa muda wa miaka miwili wastani wa muda ambao watu walitazama video ulikuwa umekuzwa. Wastani huo ulihesabiwa kwa kuwaacha nje wote walioiacha video kabla ya sekunde 3. Wakala mmoja mkubwa wa matangazo aliwaambia wateja wake kwamba namba hizo huenda zilizidi ukweli kwa kati ya asilimia 60 na 80. Hakuna fedha iliyoibwa hapo, lakini watu wengi waliingia kwenye vikao na hata kwenye usaili wakiwa wamebeba namba zisizowakilisha walichodhani zinawakilisha. Mgombea anayesema "video ilitazamwa mara 200,000" ajiandae kuulizwa kutazama huko kulianza kuhesabiwa kwenye sekunde ya ngapi.

Swali gumu kuliko yote ni hili: je, waliokuja wangekuja hata bila tangazo? Kisa kinachofundisha vizuri hapa ni cha eBay, soko la mtandaoni la Marekani. Kwa miaka mingi kampuni hiyo ilikuwa ikilipa ili mtu akiandika neno "ebay" kwenye mtandao wa kutafutia, tangazo lake litokee juu kabisa. Ripoti zilionyesha watu wengi wakibofya tangazo hilo kisha wakinunua, na kwa kuzitazama tu ungesema ni fedha iliyotumika vizuri kuliko zote. Mwaka 2012 wachumi waliokuwa wakifanya kazi ndani ya kampuni, Thomas Blake, Chris Nosko na Steven Tadelis, walishawishi matangazo hayo yazimwe kwenye mitandao ya Yahoo na ya Microsoft, huku yakiachwa yaendelee kwenye Google ili pawe na cha kulinganisha. Asilimia 99.5 ya mibofyo iliyopotea ilirudi papo hapo kupitia matokeo ya kawaida yasiyolipiwa, yaliyokuwa sentimita chache chini ya tangazo. Aliyeandika jina la duka alikuwa tayari yuko njiani kwenda dukani.

Wakaendelea na jaribio la pili. Kwenye baadhi ya maeneo ya Marekani walizima pia matangazo ya maneno ya kawaida, kama mtu anayetafuta viatu au gitaa, kisha wakalinganisha mauzo na maeneo yaliyoachwa kama yalivyo. Kwa wastani tofauti ilikuwa ndogo mno. Walipowagawa wanunuzi kwa makundi, wakaona kwamba tangazo lilifanya kazi kwa wageni na kwa wale wanaonunua mara chache sana, ilhali kwa wateja wa kila siku halikuongeza kitu, na hao wa kila siku ndio waliokuwa wakimaliza sehemu kubwa ya bajeti. Utafiti wao ulichapishwa mwaka 2015. Jambo la kuchukua hapo kwenda nalo kwenye usaili ni kwamba mauzo yaliyopita kwenye tangazo na mauzo yaliyoletwa na tangazo ni hesabu mbili, na anayezitenganisha bila kuombwa hujitambulisha mara moja kuwa anaijua kazi.

Meseji 40,000

Sasa tuichukue kampeni moja iliyofeli na kuifungua. Mfano huu nimeutunga ili hesabu zake zifuatike kwa urahisi, lakini kila kilichomo hutokea kwenye kazi hizi.

Kampuni ya gesi ya kupikia jijini Dar es Salaam ina orodha ya namba 40,000 za watu waliowahi kununua mtungi wa kilo 6 na ambao miezi mitatu imepita bila kurudi kujaza. Kampuni imeanzisha huduma ya kupeleka mtungi nyumbani kwa bodaboda, kwa sasa ndani ya Kinondoni na Ubungo. Afisa masoko anapanga kuwatumia wote meseji moja: jaza gesi leo, tunaleta nyumbani, ukitaja neno RUDI unapunguziwa shilingi 2,000. Meseji moja inagharimu shilingi 20, jumla 800,000. (Ujumbe umeandikwa ndani ya herufi 160, kwa sababu ukizidi hapo unahesabiwa kuwa meseji mbili na gharama inakuwa maradufu. Bajeti nyingi zimepasuka kwa sentensi moja ya ziada ya kumtakia mteja siku njema.) Lengo lililoandikwa kwenye mpango ni wateja 800 watakaorudi, yaani wawili katika kila mia.

Meseji zinatoka zote Ijumaa saa 4 asubuhi. Siku kumi baadaye waliojaza gesi kwa neno RUDI ni 140.

Anayekuja kwenye usaili na namba hizo mbili tu, 800 na 140, atasema kampeni ilifikia asilimia 17.5 ya lengo, na atakapoulizwa sababu atakisia. Pengine ofa haikuvutia, pengine watu hawasomi meseji siku hizi, pengine mshindani alipunguza bei. Kila mojawapo inawezekana, na hakuna hata moja aliyoithibitisha. Kinachohitajika ni namba za katikati, zile zilizoko kati ya meseji iliyotumwa na mtungi uliofika jikoni.

Ripoti ya kampuni ya kutuma meseji inaonyesha kwamba kati ya 40,000 zilizotumwa, 34,000 zilifika kwenye simu. Nyingine 6,000 ni laini zilizokufa au simu zilizokuwa zimezimwa hadi muda wa ujumbe ukaisha. Ni hasara, lakini haielezi pengo lote. Kati ya waliofikiwa, watu 1,190 walipiga simu au kuandika WhatsApp kuuliza. Hao ni asilimia 3.5. Namba hii inabadilisha hadithi yote, maana ikiwa watu 1,190 waliinuka na kutafuta huduma, basi meseji ilisomwa na ofa ilivutia. Kilichofeli kiko mbele zaidi.

Ofisi ilikuwa na wahudumu wa simu wawili. Mazungumzo moja, pamoja na kuandika anwani na kumwelekeza dereva, huchukua kama dakika nne, kwa hiyo kila mmoja anahudumia watu 15 kwa saa na wote wawili 30. Kwa saa tisa za kazi hiyo ni watu 270 kwa siku, na kwa Ijumaa na Jumamosi ni 540. Waliobaki 650 walikuta simu inatumika, au WhatsApp yao ikajibiwa Jumatatu wakati wameshanunua gesi kwa wakala wa mtaani. Mtu ambaye gesi imemwishia na sufuria iko jikoni hasubiri siku tatu.

Kati ya hao 540 waliohudumiwa, nusu yao, 270, waliishi Kibaha, Bagamoyo, Mbagala na kwingineko ambako bodaboda za kampuni haziendi. Orodha ilikuwa na namba zao kwa sababu walinunua mtungi kwa mawakala, na hakuna aliyechuja kwa eneo kabla ya kutuma. Wakabaki 270 waliopokelewa na wanaoishi ndani ya eneo, na hao ndio waliotoa wanunuzi 140. Zaidi ya nusu ya watu walioweza kuhudumiwa walinunua. Kwa biashara ya namna hii, hiyo ni ofa yenye nguvu.

Hapa wengi wangesimama na kuilaumu idara ya huduma kwa wateja. Lakini fanya hesabu moja zaidi. Tuseme simu zote 1,190 zingepokelewa. Nusu yao, 595, wangekuwa ndani ya eneo, na kwa kiwango kilekile cha ununuzi wangejaza gesi watu kama 310. Bado 800 iko mbali. Kumbe lengo lenyewe halikuwa na msingi. Ile "wawili katika kila mia" iliandikwa kwa sababu inasikika kuwa ni kiasi, bila jaribio dogo la awali na bila kumbukumbu ya kampeni iliyotangulia. Msailiwa anayelifikisha jopo hapa ameshasema mambo ambayo hayasemwi na wengi: kwamba kampeni ilikuwa na kasoro mbili za utekelezaji, kwamba lengo lilikuwa la kukisia, na kwamba ujumbe, ambao ofisi nzima iliulaumu, haukuwa na tatizo.

Kuna jambo jingine ambalo namba hizi haziwezi kulisema, nalo litajwe waziwazi. Miongoni mwa wale 140 wamo ambao gesi yao ilikuwa inakaribia kuisha na wangerudi wiki hiyo hata bila meseji. Ni wangapi? Haijulikani, kwa sababu watu wote 40,000 walitumiwa na hakuna aliyeachwa pembeni ili tulinganishe. Kusema hivyo mbele ya jopo hakumpunguzii mtu alama. Kunaonyesha kwamba anajua mpaka wa ushahidi wake.

Somo huonekana kwenye kampeni inayofuata

"Nilijifunza kupanga vizuri zaidi" ni sentensi ambayo jopo limeshaisikia mara nyingi asubuhi hiyohiyo. Somo la kweli ni uamuzi uliobadilika, na uamuzi uliobadilika huacha namba.

Tuendelee na mfano wetu. Mwezi mmoja baadaye afisa yuleyule anachuja orodha na kubaki na watu wa Kinondoni na Ubungo ambao hawakununua mara ya kwanza, kisha anachukua 7,000 kati yao. Anawapanga kwa bahati nasibu kwenye Excel, kwa kuweka `=RAND()` kwenye safu ya pembeni, kuigandisha iwe namba za kawaida zisizobadilika, na kuipanga orodha kuanzia namba ndogo hadi kubwa. Elfu moja wa mwanzo anawaacha bila kuwatumia chochote. Waliobaki 6,000 anawatumia meseji ileile, ofa ileile, ila kwa mafungu ya 1,000 kwa siku kwa siku sita. Hakubadilisha maneno makusudi, ili kama matokeo yatabadilika asiwe na shaka ni nini kimeyabadilisha.

Zilifika meseji 5,100. Waliouliza ni 200, asilimia 3.9, karibu sawa na mara ya kwanza, jambo linalothibitisha kwamba ujumbe haukuwa mgonjwa. Waliopokelewa ni 185, maana sasa ni watu kama 33 kwa siku. Waliojaza gesi ni 96. Kwa kila meseji 1,000 zilizofika, kampeni ya kwanza ilileta wanunuzi 4, ya pili ikaleta karibu 19.

Sasa lile kundi la pembeni. Katika siku zilezile, kati ya watu 1,000 ambao hawakuguswa, 4 walijaza gesi kwa hiari yao. Kwa kiwango hicho, kati ya 6,000 waliotumiwa, 24 wangerudi wenyewe. Kwa hiyo kampeni iliwaleta 72, na waliobaki 24 walipewa punguzo la shilingi 2,000 kwa jambo ambalo wangelifanya kwa bei kamili. Wanne ni watu wachache, na kwa bahati tu wangeweza kuwa wawili au saba, kwa hiyo mtu makini atasema idadi ya kweli iko mahali fulani kati ya 54 na 84, na makadirio yake ni 72.

Gharama nayo ihesabiwe yote. Meseji 6,000 ni shilingi 120,000. Punguzo la 2,000 kwa watu 96 ni 192,000. Watu husahau punguzo kwa sababu halitoki kwenye akaunti ya matangazo, lakini limetoka kwenye mfuko uleule. Jumla ni 312,000, ukigawanya kwa 72 unapata kama shilingi 4,300 kwa kila mteja aliyerudishwa. Ikiwa kampuni inabakiwa na shilingi 3,000 kwa kila mtungi unaojazwa, mteja huyo analipa gharama yake anapojaza mara ya pili, na kuanzia hapo ni faida. Swali linalobaki ni wangapi watajaza mara ya pili, na mgombea anayelijua jibu la swali hilo kwa kampeni yake halisi awe tayari kulitaja, kwa sababu wakurugenzi wa fedha huliuliza kabla ya jingine lolote.

Historia yetu ya Afrika Mashariki ina kisa kikubwa cha namna hii. M-Pesa haikuanza kama huduma ya kutuma fedha. Jaribio lake lilianza Kenya mwezi wa Oktoba 2005, likiwahusisha wateja wa taasisi ya mikopo midogo ya Faulu, na lengo lilikuwa kuwawezesha kupokea na kulipa mikopo kwa simu. Kwa lengo hilo jaribio lilikuwa na usumbufu mwingi: mfumo haukuoana vizuri na utaratibu wa vikundi vya mikopo na hesabu za taasisi. Lakini waliokuwa wakiangalia matumizi waliona wateja wakifanya mambo ambayo hayakupangwa, wakitumiana fedha wao kwa wao na kulipana kwenye biashara zao ndogondogo. Huduma ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, mikopo iliondolewa kwenye ujumbe na tangazo likabaki na jambo moja: tuma pesa nyumbani. Lililobadilika kati ya 2005 na 2007 ni uamuzi kuhusu nani anaambiwa nini, na uamuzi huo ulitokana na kusoma kilichotokea badala ya kutetea kilichopangwa.

Dakika mbili

Usaili hauna muda wa kusimulia yote niliyoyaandika hapa. Jibu la kwanza lisizidi dakika mbili, halafu jopo lichague linapotaka kuchimba. Kwa mfano wetu lingekuwa hivi:

"Ahsante, mwenyekiti. Tulituma meseji 40,000 kwa wateja waliokuwa wameacha kujaza gesi, lengo likiwa 800 warudi. Walirudi 140. Mimi ndiye niliyeandika mpango na kuchagua orodha. Nilipofuatilia hatua kwa hatua nikaona kwamba watu 1,190 waliitikia, kwa hiyo ujumbe ulifanya kazi. Tulipoteza 650 kwa sababu nilituma zote kwa wakati mmoja bila kuuliza wahudumu wanaweza kupokea wangapi kwa siku, na nusu ya tuliowapokea walikuwa nje ya eneo tunalofikisha. Lengo la 800 nalo lilikuwa la kukisia. Hata kila simu ingepokelewa, tungepata kama 310. Mwezi uliofuata nilichuja orodha kwa eneo, nikatuma 1,000 kwa siku, na nikaacha watu 1,000 bila kuwatumia ili nilinganishe. Kwa kila meseji 1,000 zilizofika tulitoka wanunuzi 4 hadi 19, na baada ya kuwatoa wale ambao wangerudi wenyewe, kila mteja alitugharimu kama shilingi 4,300."

Sikiliza mahali "mimi" na "sisi" zilipowekwa. Kampeni ni kazi ya watu wengi, na kusema "tulituma" ni haki. Lakini jopo linamwajiri mtu mmoja, na lazima lijue yeye alishika nini. Anayesema "sisi" kwenye kila kosa na "mimi" kwenye kila ushindi husomeka upesi. Vilevile anayewataja wahudumu wa simu kama chanzo cha kushindwa anajiharibia, kwa sababu hesabu ya watu 30 kwa saa ilikuwa inapatikana kabla ya Ijumaa ile kwa yeyote ambaye angeshuka ghorofa moja kwenda kuiuliza.

Baada ya jibu hilo maswali hufuata. Msaili mmoja atataka kujua namba za simu zilipatikanaje. Swali hili limepata uzito tangu Kenya ilipotunga Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019 na Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, na jibu lake linahitaji mambo mawili: mteja aliridhia wapi kutumiwa matangazo, na anajiondoa vipi asipotaka tena. Mgombea asiyejua orodha yake ilitoka wapi amelifungulia jopo mlango wa wasiwasi ambao hauhusiani na ubunifu wake.

Mwingine atauliza, "Ungepewa nusu ya bajeti hiyo ungefanya nini?" Lina mtego mdogo. Kwa aliyefuatilia hatua zake, jibu liko wazi: angetumia chini ya nusu, kwa sababu sehemu kubwa ya 800,000 ilikwenda kwa watu ambao kampuni haikuweza kuwafikia na mtungi. Asiyezijua hatua zake ataanza kupunguza kila kitu kwa nusu.

Wapo pia watakaokuuliza namba za ndani za mwajiri wako wa sasa, hasa kama ni mshindani wao: mauzo ya mwezi, faida kwa mtungi, bei wanayopata kwa msambazaji. Usizitoe, hata kama mkataba wako hausemi lolote. Badilisha shilingi ziwe uwiano. "Gharama ya kumrudisha mteja ilirejea alipojaza mara ya pili" inalipa jopo yote linayohitaji bila kufichua faida ya mtu. Wasaili wenye busara huwa wanapima hapo kama siri zao nazo zitakuwa salama utakapoondoka kwao.

Kama unatarajia kuomba kazi ya masoko mwaka huu, fungua sasa ripoti za kampeni yako iliyofanya vibaya kuliko zote, ukiwa bado unaruhusiwa kuziona. Andika kwenye karatasi moja zilizotumwa, zilizofika, walioitikia, waliohudumiwa, walionunua, na gharama yote pamoja na punguzo. Ukikuta hatua ambayo hukuipima, iandike hivyohivyo kuwa haikupimwa, na uingie nayo kwenye usaili kama ilivyo.